Boti ya Saa Mbili kwa Kiindonesia

Mama mdogo aliamua kwenda Indonesia akiwa ameshika mwiko. Alikuwa uani kwake Buzebazeba, mjini Kigoma, anakoroga pipa la chikichi, moshi umemjaa machoni, redio inaongea peke yake dirishani. Redioni mtu akasema kuna mafunzo ya ukamuaji wa mawese huko Sumatra, gharama zote zinalipwa, sharti mwombaji awe mkamuaji hasa na ajue Kiindonesia cha kuanzia.

Akaacha kukoroga.

"Hicho Kiindonesia kinauzwa wapi?"

Swali lilinielekea mimi, kwa kuwa katika ukoo wetu mambo yote yanayohusu maneno huletwa kwangu. Naandika riwaya. Wakati ule nilikuwa nimeshaituma kwa mchapishaji mmoja, na kila jioni nilikaa kwenye kigoda karibu na moto wake nikisubiri simu iite, nikijiambia kwamba moshi wa mawese ni mzuri kwa mtu anayetafuta sentensi. Mama mdogo aliniacha nijiambie hivyo, mradi nisogeze kuni.

Kiindonesia kilikuwa kinauzwa Gungu, kila Jumamosi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu alikuwa kijana wa hapahapa aliyekwenda kusomea uhandisi wa viwanda kisiwani Java, akarudi na shahada, mashati ya batiki, na tabia ya kuvua viatu kwenye kila mlango, hata wa duka la mabati. Ndiye aliyeombwa kuandaa watu kwa ajili ya mtihani. Na ndiye angesema nani yuko tayari kuufanya, kwa hiyo safari ya mama mdogo ilipitia mkononi mwake kwanza.

Mimi nilikwenda kumsindikiza tu. Nilibaki kwa sababu ya sentensi moja aliyoisema mwalimu siku ya kwanza, akiwa ameshika chaki kama anashika mshumaa.

"Kitenzi chao hakibadiliki," alisema. "Jana *makan*, leo *makan*, kesho *makan*. Kula ni kula."

Mwili ulinisisimka. Lugha isiyo na jana. Niliona riwaya yangu ya pili ikitembea pale ukutani, haina umri wala kaburi. Kando yangu alikaa mzee mmoja kutoka Ujiji, fundi cherehani, aliyekuja darasani kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kukaa barazani kulikuwa kumeanza kumfanya mzee. Yeye hakusisimka.

"Sasa mtu anajuaje kama mwenzake amekula au atakula?"

"Si unamwangalia mdomo," alisema mama mdogo.

Mwalimu akacheka, akaandika maneno manne ubaoni: *sudah, belum, sedang, akan*. Haya, alisema, husimama mbele ya kitenzi na kueleza hali yake. *Saya sudah makan*, nimeshakula. *Saya belum makan*, sijala bado. *Saya sedang makan*, niko kwenye kula. *Saya akan makan*, nitakula. Darasa zima lilitabasamu. Tulijiona ndugu wa Waindonesia tuliopotezana kwa bahati mbaya. Wenzetu waliosoma Kiingereza kwa machozi wanajua furaha ya kukutana na lugha inayojua tofauti ya "hakula" na "hajala".

Tabasamu lilidumu mpaka tulipofika kwenye "nilikula". Jana nilikula ugali: *Kemarin saya makan ugali*. Neno liko wapi? Hakuna neno, alisema mwalimu, *kemarin* imeshasema ni jana, inatosha. Fundi alitazama ile sentensi kama anatazama koti lisilo na kifungo. Akaiongezea *sudah* kwa kalamu yake, kwa usalama.

"Mzee, maneno haya hayaulizi lini," alisema mwalimu. "Yanauliza jambo limefika wapi. Nilipofika jana alikuwa anakula: *Waktu saya datang, dia sedang makan*. Ni ya jana, na bado ni *sedang*. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa nimeshafika Kigoma: *Besok jam tujuh pagi saya sudah di Kigoma*. Ni ya kesho, na ni *sudah*. Mnaona?"

"Kesho, nimeshafika," fundi alirudia polepole. "Bila inshallah?"

"Hata wao husema inshallah, mzee."

"Basi ni watu wazuri." Na toka siku hiyo kila alipokuta pengo la *akan* aliandika kwanza *insya Allah*, kisha *akan*, maandishi yakavuka mstari na kupanda juu ya swali la pili. Mwalimu alimpa alama. Alisema Jakarta pia wangempa.

Mtihani wenyewe ungekuwa wa kutafsiri kwa kujaza mapengo. Sentensi ya Kiswahili ingeandikwa juu, kitenzi chake kikiwa kimeachwa uchi, "kuondoka", "kupika", ili mtu asitafsiri kiambishi kwa kiambishi. Chini yake sentensi ya Kiindonesia yenye pengo. Msomaji atazame hali inayoelezwa, achague neno moja kati ya manne. Mwalimu alituletea mazoezi kutoka kitabu alichokisomea Java, na la kwanza lilikuwa hili:

*Meli huondoka saa mbili. Sasa ni saa tatu. Meli (kuondoka). — Kapal berangkat jam delapan. Sekarang jam sembilan. Kapal ____ berangkat.*

Alizunguka darasani, mikono nyuma, akisoma majibu juu ya mabega yetu. Alipofika kwa fundi akasimama. Alipofika kwa mama mdogo akasimama tena. Alipomaliza kuzunguka alikuwa amesimama mara nyingi kuliko alivyotembea.

"Wote mmeandika *belum*," alisema.

"Ndiyo," alisema mama mdogo.

"Mama, inaondoka saa mbili. Sasa saa tatu."

"Nimesoma."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haijaondoka. Saa tatu ndiyo kwanza wanapakia magunia."

Kila mtu chumbani alikuwa amepanda boti za kwenda vijiji vya mwambao. Kila mtu alijua kwamba boti ya saa mbili ni jina tu, kama mtu anavyoitwa Furaha. Huondoka ikijaa. Mwenye boti huapa kwamba anaondoka sasa hivi, hata huwasha injini ili uamini, kisha huizima na kwenda kunywa chai. Katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyeweza kuandika *sudah* kwa moyo mweupe. Hata mimi niliandika *belum*, na mimi ndiye mwenye mawazo ya mbali.

"Jibu ni *sudah*," alisema mwalimu. "Imeshaondoka. Kule vyombo huondoka kwa saa yake. Nimepanda treni za Java, ukichelewa dakika moja unaona mgongo wake."

Darasa lilinyamaza kwa heshima, kama linavyonyamaza mtu anaposimulia alivyoona jini.

Pengo la pili: *Mgeni amefika. Mama (kupika) jikoni. — Tamu sudah datang. Ibu ____ memasak di dapur.* Kitabu kilitaka *sedang*, anapika. Fundi alikataa katakata. Mgeni yuko mlangoni na mama ndiyo kwanza anapika? Mama huyo katoka wapi? Ujiji nzima ingemsema. Aliandika *sudah*, ameshapika, na kumtetea yule mama asiyemjua kama anamtetea binti yake.

Mwalimu aliona tatizo ni kitabu. Akaniomba mimi, kwa kuwa ni mwandishi, nitunge mazoezi yenye mazingira ya hapa. Nilikesha kwa furaha. Niliandika sentensi ambazo mpaka leo nadhani ni nzuri, mojawapo ikiwa hii: *Mwezi mpevu umemwaga fedha juu ya ziwa, chini yake wavuvi (kuvua) kimya. — Para nelayan ____ menangkap ikan di bawah bulan purnama.* Jibu langu lilikuwa *sedang*.

Jumamosi ile darasa halikujaza pengo. Lilinitazama.

"Mwezi mpevu," alisema mama mdogo, "wavuvi wa dagaa wamelala. Taa zao hazifui dafu. Wanashona nyavu, wanagombana na wake zao. We mtoto umezaliwa wapi?"

"Mama mdogo, ni picha tu."

"Basi andika *belum*, wasubiri giza." Akageuka kwa fundi. "Na riwaya yake ndo hivyohivyo. Sura ya kwanza boti inaondoka alfajiri, abiria wote wamekaa. Nikajua huyu hachapishwi."

Walicheka mpaka muuza mabati akachungulia. Nilicheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

Kisha mwalimu akatoa jaribio la mwisho kabla ya kutuma majina, na hapo kicheko kiliisha. Vijana wachache wa chuo waliokaa viti vya nyuma, waliozoea mitihani, walikuwa wameshaelewa kwamba swali haliulizi ukweli. Waliondosha meli zote. Fundi alifeli kwa raha, maana hakuwa anakwenda popote. Mama mdogo alifeli kwa uchungu. Katika kila pengo alijibu kama shahidi mahakamani. Mafundi walioahidi kumaliza nyumba mwezi uliopita: *belum*. Mvua iliyotabiriwa jana: *belum*. Daktari anayefungua saa mbili, na sasa ni saa mbili na nusu: *belum*.

Mwalimu alimfuata nje, akiwa bado na soksi.

"Mama, siwezi kutuma jina lako hivi. Watasema sikufundisha."

"Nimekosea Kiindonesia?"

"Kiindonesia hujakosea."

"Nimekosea nini?"

Alitafuta neno. Nilimwona akilitafuta kwa Kiswahili, kisha kwa Kiindonesia, kisha akitazama chini kwenye soksi zake. "Nitafanya jaribio jingine Jumamosi ijayo," alisema. "La mwisho."

Tulirudi kwa bodaboda mbili. Ziwa lilionekana kwa vipande kati ya nyumba, la buluu, tulivu, halina habari. Nilijua alichokuwa akikifikiria. Alikuwa amekamua mawese tangu akiwa msichana. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukataa asubuhi za baridi. Sumatra kulikuwa na mashine, na watu wa kumfundisha kuifungua na kuifunga, na akirudi angekuwa mtu anayewasha mtambo na kusimama pembeni. Kati yake na mtambo huo palikuwa na boti iliyokataa kuondoka.

Jioni ile nilisogeza kuni bila kuambiwa.

"Mama mdogo, ukisoma swali, usifikirie Kigoma."

"Nifikirie wapi? Sijafika kwingine."

"Fikiria ni hadithi. Mtunzi amesema boti ya saa mbili, basi ni ya saa mbili."

"Hadithi ya uongo."

"Ya kubuni."

Alikoroga muda mrefu. Mafuta yalikuwa yameanza kupanda juu, mekundu, na harufu ile ambayo watu wa mbali huiona nzito na sisi huiita nyumbani ikajaa ua mzima. Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye mkutano wowote wa waandishi, na nimehudhuria mingi, yote yenye soda.

"Huyo mtunzi wa maswali, ni mtu wa namna gani?"

Jibu akalitunga yeye mwenyewe. Ni mwanamume, alisema. Mwembamba. Amevaa saa ya mkononi na anaiamini. Mke wake akisema chakula saa saba, saa saba anakaa mezani. Hajawahi kukaa juu ya gunia la dagaa akingoja boti ijae. Hajui. Si kwamba ni mwongo, maskini, hajui tu. Akamwita Bwana Saa. Na tangu dakika hiyo, nilipomsomea pengo, hakuniambia kilichotokea. Aliniambia Bwana Saa anadhani nini kimetokea.

"Duka hufungwa saa kumi na mbili. Sasa ni saa moja usiku."

"Bwana Saa anasema *sudah*. Limefungwa." Akatikisa kichwa. "Wakati mwenye duka yupo mlangoni kwake anamuuzia mtu kibiriti."

"Mgeni amefika, mama kupika jikoni?"

"*Sedang*. Mke wake anapika huku mgeni anangoja. Ndo maana ni mwembamba."

Hivyo ndivyo alivyofaulu jaribio la Jumamosi. Alikuwa ameacha kutafsiri maisha na kuanza kutafsiri mtu mwingine, jambo ambalo mimi nililifanyia warsha kadhaa na bado linanishinda. Mwalimu alituma jina lake siku hiyohiyo, akanipongeza kwa kumfundisha. Sikumkatalia. Waandishi hupongezwa mara chache.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Ile ya kuandika walifanya asubuhi, katika chumba kilekile, mwalimu akisimamia kwa uso wa jiwe. Ya pili ilikuwa mazungumzo kwa njia ya video na mama mmoja wa taasisi ile ya Sumatra. Ilipangwa saa tano kamili kwa saa zetu. Saa nne na nusu mwalimu alikuwa ameshapanga viti, amevaa batiki iliyopigwa pasi, na ametuonya kwamba kule hakuna kuchelewa, tukae.

Tukakaa. Kioo cha kompyuta kilionyesha nyuso zetu wenyewe, na pembeni duara dogo likizunguka. Saa tano ikapita. Mwalimu akaandika ujumbe kwamba tuko tayari. Saa tano na nusu akaangalia waya. Mama mdogo alikaa wima, kilemba chake kipya kikiwa kimeanza kumbana, mikono juu ya pochi. Fundi, aliyekuja kutazama tu, alisinzia, akaamka, akauliza kwa upole mkubwa: "Mwalimu, yule mama ame-*sudah* au ame-*belum*?"

Mwalimu aliangalia waya tena. Vijana wa chuo walitazama dari kwa bidii.

Saa sita ilikuwa imepita kitambo kioo kilipowaka. Alitokea mama wa makamo mwenye hijabu ya kijani, nyuma yake dirisha linachuruzika mvua, akihema kama mtu aliyepanda ngazi. Alisema maneno mengi kwa haraka. Tulidaka mvua na barabara. Kisha akamtazama mama mdogo, wa kwanza kwenye orodha, akauliza: "*Sudah lama menunggu, Bu?*" Umengoja muda mrefu, mama?

Niliona mwalimu akimtazama mama mdogo kwa macho ya kuomba. Hali ilikuwa wazi kuliko zoezi lolote. Ilipangwa saa tano. Sasa ni saa sita na zaidi. Bwana Saa mwenyewe angejibu *sudah* bila kuinua kichwa.

Lakini mama mdogo hakuwa anasoma swali la Bwana Saa. Mbele yake alikuwa mwanamke aliyelowa, aliyefika kwake amechelewa na anaona aibu. Na kwetu mgeni wa namna hiyo huambiwa kitu kimoja tu, hata kama chai imepoa na watoto wamelala.

"*Belum, Bu*," alisema, akatabasamu. "*Belum*."

Mwalimu alifumba macho.

Yule mama akacheka. Alicheka kwa kushusha mabega, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, akavuta kiti chake karibu. Akauliza kama ameshakula, mama mdogo akasema *sudah*, na hakuwa ameonja kitu tangu alfajiri. Waliongea kuhusu mawese. Maneno yake yalikuwa machache na yalipoisha aliendelea kwa mikono, akakoroga pipa hewani, akapuliza moto, akakinga mafuta. Yule mama aliinama mbele kutazama. Mtihani uliopangiwa dakika chache ukawa mrefu, na vijana wa chuo wakangoja zamu yao.

Baadaye, tukivaa viatu mlangoni, mwalimu alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na viatu vyake: "Nilikuwa nimesahau. Hata kule humwambii mtu kwamba umemngoja."

"Ulisahau kule au ulisahau hapa?" mama mdogo akamuuliza.

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa, katikati ya msimu. Amechaguliwa. Nilimsaidia kufunga begi; aliweka kitenge juu, dagaa katikati, na chupa ya mawese chini, ili akawaonyeshe, alisema, mafuta yanavyotakiwa kunukia. Ua ulibaki na mimi, pipa tupu, na simu ambayo mchapishaji hakuipigia.

Kisha Jumamosi moja sauti yake iliyorekodiwa ikaingia kwenye simu yangu. Niliicheza darasani, maana nilikuwa nimeendelea kwenda, kwa ajili ya riwaya ya pili. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na injini inayonguruma na muziki wa dansi.

"Mwanangu, hamjambo huko. Nipo ndani ya kigari cha abiria, tunakwenda kuona kiwanda. Tuliambiwa saa mbili. Sasa ni saa tatu na ushee. Dereva amewasha gari, amezima, amewasha. Anaita watu barabarani. Nimemuuliza vizuri kabisa, *sudah* au *belum*? Msikilizeni."

Ikasikika sauti ya mwanamume, nzito, yenye uhakika, iliyojaa mapenzi kwa abiria wake. "*Sudah mau berangkat, Bu!*"

Mama mdogo alicheka mpaka sauti ikakatika.

Wanafunzi wapya wakamgeukia mwalimu wapate maana. Alipangusa chaki mikononi. "Amesema," alitafsiri hatimaye, "wameshakuwa tayari wanataka kuondoka."

"Kwa hiyo wameondoka?" akauliza fundi.

Mwalimu alitazama ubao, pale alipokuwa ameshaandika zoezi la siku hiyo, meli, saa mbili, saa tatu, pengo. Kila mwanafunzi alikuwa ameinama, anaandika. Hakuzunguka kuona. Alivaa viatu, akatoka nje kuagiza chai.